Saa Tisa Kasoro Dakika Nne

"Maalim, shikamoo. Nilizaliwa hospitalini hapa Mombasa tarehe 23 Septemba 1997. Mama asema ilikuwa saa tisa usiku. Kadi yangu ya kliniki imeandikwa 3.10 tu, haina a.m. wala p.m. Programu moja ya simu yanipa Mashuke digrii 6, nyingine Mizani digrii 0, na kuna gazeti lasema mtu wa tarehe hiyo ana nusu ya kila nyota. Mimi hasa ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mizani. Ila umeingia Mizani kwa upenyo mwembamba sana, na ndiyo maana sitaki uchukue jibu langu hivi hivi bila kuona lilikotoka. Kwa watu wengi wa mpakani kazi huwa ya dakika moja: unatazama jedwali, unamwambia, anakwenda zake. Kwako wewe dakika zenyewe ndizo kesi.

Tuanze na saa ambayo Jua lilivuka. Mwaka 1997 Jua liliingia Mizani usiku wa manane, tarehe 22 Septemba, saa 23:56 kwa saa ya Griniwichi. Sisi huku tuko mbele ya Griniwichi kwa saa tatu kamili, kwa hiyo saa ya ukutani Mombasa ilikuwa 2:56 alfajiri ya tarehe 23, Jumanne. Kwa saa yetu ni saa tisa kasoro dakika nne. Aliyetoka tumboni kabla ya hapo ana Jua la Mashuke, aliyetoka baada ya hapo ana Jua la Mizani. Mpaka huo ni mmoja kwa dunia nzima. Mtoto aliyezaliwa Lamu, London au Maskati sekunde ileile yuko upande uleule. Mji wako wa kuzaliwa wahitajika kwa jambo moja tu hapa, nalo ni kujua saa ya ukutani ilikuwa imetofautiana na Griniwichi kwa kiasi gani.

Sasa lile gazeti. Magazeti huchapa tarehe zisizobadilika, 23 Septemba hadi 22 Oktoba, kwa sababu nafasi ya kuchapa jedwali la kila mwaka hawana. Lakini Jua halifuati kalenda yetu. Mzunguko wake wa mwaka ni siku 365 na karibu saa sita, basi kila mwaka huingia Mizani kama saa sita baadaye kuliko mwaka uliopita, mpaka mwaka mrefu wenye tarehe 29 Februari uje kulirudisha nyuma. Tazama miaka ya jirani zako kwa saa za Mombasa. Mwaka 1995 liliingia tarehe 23 saa tisa na dakika 13 mchana. Mwaka 1996, ambao ulikuwa mrefu, liliingia tarehe 22 saa tatu usiku. Wako, 1997, tarehe 23 saa tisa kasoro dakika nne usiku. Mwaka 1998, tarehe 23 saa mbili na dakika 37 asubuhi. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja kazaliwa 23 Septemba 1995 saa nne asubuhi na mwingine tarehe hiyohiyo na saa hiyohiyo mwaka 1996, wa kwanza ni Mashuke na wa pili ni Mizani. Gazeti lawaweka wote chungu kimoja.

Na hiyo nusu kwa nusu? Hapa nataka nikae kidogo, maana watu wa mpakani wamelishwa maneno haya mpaka wameyazoea.

Mpaka wa nyota mbili hauna upana. Si kama mkondo wa Likoni, ambao feri huingia ndani yake na kwa dakika kadhaa haiko kisiwani wala haiko bara ya pili. Ni kama mstari wa chaki uliochorwa sakafuni. Mzingo wa mbinguni wa digrii 360 umegawanywa vipande kumi na viwili vya digrii 30 kila kimoja, na panapokwisha digrii ya thelathini ya Mashuke ndipo hapohapo inapoanza digrii ya kwanza ya Mizani. Hakuna uwanja wa katikati.

Lakini wanaosema "nusu nusu" nao wana chembe ya haki, ingawa wengi wao hawaijui. Jua si nukta. Tukilitazama kutoka hapa, upana wa duara lake ni zaidi kidogo ya nusu digrii, yaani dakika 32 kati ya dakika 60 za digrii moja. Na kwa siku moja hutembea kama dakika 59. Pigia hesabu: tangu ukingo wake wa mbele uguse mstari hadi ukingo wa nyuma uuvuke, hupita takriban saa kumi na tatu. Mwaka wako ukingo wa mbele uligusa Mizani Jumatatu karibu saa mbili unusu usiku, na ukingo wa nyuma ukatoka Mashuke Jumanne karibu saa tatu unusu asubuhi. Wewe umezaliwa katikati kabisa ya muda huo. Ungeweza kuliona Jua chini ya ardhi usiku ule, ungeliona limekalia mstari, nusu huku, nusu kule.

Ila majedwali ya falaki hayahesabu kingo. Huhesabu kitovu cha duara, na digrii unayoiona kwenye hati yoyote ya kuzaliwa ni ya kitovu. Kitovu ni nukta, na nukta haikai pande mbili. Ukikubali kutumia digrii za majedwali hayo, umekubali na kanuni yao. Huwezi kuchukua digrii kwao kisha uamuzi ukauchukua gazetini.

Twende kwenye zile programu mbili, kwa sababu hapa umenisaidia sana bila kujua: umeniandikia digrii. Wengi huniletea jina la nyota tu, "hii yasema Mashuke, ile yasema Mizani," nami nikabaki sina pa kushika. Digrii ndiyo inayosema programu ilifanya nini.

Mtu wa mpakani akipewa Mashuke kwa kosa la saa, digrii yake lazima iwe 29 na dakika nyingi, maana yuko ukingoni. Yako ni 6. Mtu hawezi kuwa ukingoni na wakati huohuo awe digrii ya sita. Maana yake programu hiyo haikukosea saa yako hata kidogo. Yatumia hesabu nyingine, ile ya Kihindi. Majirani zetu Wahindu hapa mjini, wanapopanga siku ya harusi au ya kufungua duka, huanza kuhesabu mzingo kutoka kwenye nyota zenyewe za angani. Hesabu iliyozoeleka magazetini kwetu huanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Zamani sana vianzio hivi viwili vilikuwa pamoja. Lakini nukta ya Machi husogea nyuma polepole, digrii moja kwa miaka 72 hivi, na ulipozaliwa wewe tofauti ilikuwa imefika digrii 23 na dakika 49 kwa kipimo ambacho Wahindi wengi hukitumia. Toa hizo kwenye sifuri ya Mizani, unabaki na Mashuke digrii 6 na dakika 11. Ndiyo sita yako hiyo.

Kwa hiyo programu zako mbili hazigombani. Zinasema mahali pamoja kwa vipimo viwili, kama mmoja anayepima kitambaa kwa yadi na mwingine kwa mita. Ukifuata ya Kihindi, wewe ni Mashuke waziwazi wala huna habari ya mpaka, maana kwao Jua huingia Mizani katikati ya Oktoba. Ukifuata hii ya Punda, Ng'ombe na Mapacha, ambayo ndiyo uliyoniulizia, uko ukingoni. Usichanganye. Wapo wanaosoma nyota kwa hesabu moja, kisha wanatafuta maelezo ya tabia kwenye kitabu cha hesabu nyingine, halafu wanalalamika kwamba nyota haziwafai.

Hapo sasa tumebaki na kadi yako, na 3.10 yake.

Tarakimu hizi tatu Mombasa zina maana nne. Muuguzi huandika saa ya Kizungu kwa desturi ya kazi, basi yaweza kuwa 3.10 ya usiku, kwetu saa tisa na dakika kumi. Yaweza kuwa 3.10 ya alasiri. Lakini kadi za kliniki hazijazwi na muuguzi wa zamu ya uzazi peke yake. Mara nyingine huandikwa baadaye na mtu aliyemuuliza mama, na mama hujibu kwa Kiswahili. Mama akisema "saa tatu na dakika kumi", mwandishi aliyechoka aandika 3.10, na hapo yaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku.

Mimi mwenyewe nimeshaanguka kwenye shimo hili. Miaka mingi nyuma nilimwandikia kijana mmoja wa Kisauni hati nzima, karatasi nne, kwa saa aliyoniletea imeandikwa 8.30 usiku, tarehe 20 Januari. Nikaifanya saa mbili unusu usiku. Jua lilikuwa limeshaingia Ndoo mchana wake, nikampa Ndoo. Wiki moja baadaye mamake akaja barazani kwangu na karatasi zangu mkononi, akaniuliza taratibu kama mimi nasoma saa za watu gani, kwani mwanawe kazaliwa saa nane unusu. Alikuwa Mbuzi, na karatasi zote nne zilikuwa za mtu mwingine. Tangu siku ile sipokei saa bila kuuliza: ya nani, na ilisemwa kwa lugha gani?

Tuzipime zako. Jua mwezi Septemba hutembea karibu dakika mbili na nusu za digrii kwa kila saa moja. Ukiwa ulizaliwa tarehe 23 saa tisa na dakika kumi usiku, kitovu kilikuwa kimevuka mstari kwa dakika 14 za saa, na Jua lako lilikuwa Mizani, digrii 0, dakika 0, sekunde kama 34. Ukiwa ulizaliwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, ni Mizani digrii 0 dakika 15. Saa tisa na dakika kumi alasiri, Mizani digrii 0 dakika 30. Saa tatu na dakika kumi usiku wa tarehe 23, Mizani digrii 0 dakika 44 au 45. Waona kwamba maadamu tarehe ni 23, maana zote nne za kadi yako zinaangukia Mizani. Hapo nusu ya wasiwasi wako imekwisha kabla hatujamuuliza mtu.

Basi Mashuke yaweza kuja kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni tarehe iwe imeteleza. Ya pili ni ile 3.10 iwe imeandikwa kwa kuchelewa.

Tarehe kuteleza si mzaha kwetu. Mswahili akisema "usiku wa Jumanne", mzee wa Mji wa Kale huelewa usiku unaotangulia Jumanne, maana siku kwake huanza magharibi Jua linapotua. Kijana aliyesoma shule huelewa usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumanne. Na saa sita ya usiku, ambapo tarehe ya serikali hubadilika, haimbadilishii mzee chochote. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa saa tatu usiku tarehe 22 nyumbani, na mkunga akasema "usiku wa Jumanne", akaandikishwa siku nyingi baadaye, anaweza kabisa kupewa tarehe 23 kwenye cheti. Ungekuwa wewe ndiye huyo, ungekuwa umezaliwa karibu saa sita kabla ya Jua kuvuka, na Jua lako lingekuwa Mashuke digrii 29 dakika 46.

Wewe ulizaliwa hospitalini, ambako tarehe hubadilika saa sita usiku bila kujadiliana na mtu, na hilo linanituliza. Lakini sikutosheka nalo. Ndiyo maana nilimpigia mamako kwa ile nambari uliyoniachia, nikamuuliza maswali ambayo labda alikusimulia akicheka.

Sikumuuliza saa. Saa ameshaisema mara nyingi mpaka imekuwa wimbo, na akiulizwa tena atairudia ileile. Nilimuuliza mwezi. Akaniambia alipohamishwa kitandani aliuona mwezi dirishani, "nusu, umekaa juu ya mnazi", na akakumbuka kwamba wiki moja kabla mwezi ulipatwa, baba yako akaenda msikitini kuswali, naye akabaki na tumbo lake barazani.

Hapo nilifurahi, kwa sababu mwezi hausahau. Mwaka 1997 mwezi ulipatwa wote tarehe 16 Septemba, Jumanne, na hapa kwetu ulikuwa umefunikwa kabisa kabla ya saa nne usiku. Wiki moja mbele ni Jumanne tarehe 23, siku yako. Na tarehe 23 hiyo mwezi ulikuwa unaingia robo ya mwisho. Mwezi wa robo ya mwisho huonekana nusu kweli, na huchomoza karibu na saa sita usiku. Saa tatu usiku haupo angani, uwe wa tarehe 22 au 23. Ungekuwa bado uko chini ya bahari. Saa tisa usiku umeshapanda upande wa mashariki, umefika karibu nusu ya njia ya kwenda utosini, mahali pazuri kabisa pa kukaa juu ya mnazi. Mama aliyejifungua saa tatu usiku asingeuona kwa saa tatu nyingine. Na aliyejifungua alasiri hana la kusema juu ya mwezi, na wa asubuhi angeuona umefifia kwa mwanga wa mchana.

Halafu akaniambia, bila kuulizwa, kwamba adhana ya alfajiri ilimkuta ameshakunywa chai. Mwishoni mwa Septemba alfajiri yetu huadhiniwa karibu na saa kumi na moja. Kwa hiyo 3.10 yako ni ya Kizungu, ya usiku, tarehe 23. Hilo nakuandikia bila kusita.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo jembamba: zile dakika 14.

Neno la mamako, "saa tisa", halitusaidii hapa hata chembe. Aliyejifungua saa tisa kasoro dakika tano atasema saa tisa, na aliyejifungua saa tisa na dakika kumi atasema saa tisa pia. Hakuna mwanamke aliye kwenye uchungu anayehesabu dakika. Uzito wote uko kwenye kadi. Uzuri wake ni kwamba haikuandikwa 3.00. Saa iliyoandikwa kamili bila dakika huwa naishuku, kwa sababu mara nyingi ni makadirio; 3.10 ni ya mtu aliyetazama saa, ingawa labda alizungusha kwa dakika tano huku au kule. Kuzungusha kwa dakika tano hakukutoi Mizani. Saa ya ukutani kwenda mbele kwa dakika tano hakukutoi. Vyote viwili vikikutana, na vyote vikiegemea upande mmoja, bado umebakiwa na dakika nne.

Kinachoweza kukutoa ni muuguzi aliyekupokea, akakukausha, akamshughulikia mamako kwanza, kisha ndipo akageuka kutazama saa na kuandika. Robo saa hupotea hivyo pasipo uzembe wa mtu, hasa wodi ikiwa na kina mama wengine wanaosubiri. Kwa hesabu za falaki saa ya kuzaliwa ni ile ya sauti ya kwanza ya mtoto. Saa ya kukata kitovu siyo, ya kupimwa uzito siyo, wala ya kalamu kugusa karatasi. Kwa hiyo jibu langu la Mizani nalisimamia, ila nimekuonyesha tundu lake liko wapi.

Kabla sijakwambia namna ya kuliziba, nikujibu swali ambalo hukuliandika lakini naliona kwenye barua yako. Umeshasoma maelezo ya Mashuke, ukajiona humo: mpangilio, kuchambua, kutoridhika na kazi iliyofanywa nusu. (Mtu anayeandika barua akitaja kwamba kadi haina a.m. wala p.m. hahitaji kuniambia.) Ukajiuliza, ikiwa mimi ni Mizani, haya nimeyatoa wapi?

Sikiliza. Utaridi, sayari ambayo wanajimu huipa akili, maneno na hesabu, haiwezi kwenda mbali na Jua. Kwa macho yetu huku duniani haizidi digrii 28 upande wowote. Jua likiwa mwanzoni kabisa mwa Mizani, mara nyingi Utaridi huwa bado nyuma, Mashuke. Usiku wako ndivyo ilivyokuwa: Utaridi alikuwa katikati ya Mashuke, hakufika Mizani mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Kwa lugha ya fani yetu, Jua lako ni la Mizani na ulimi wako ni wa Mashuke. Mwanajimu haitaji nusu ya Jua kukueleza hilo, anaitaja sayari iliyopo mahali ilipo. Nafikiri dhana ya watu wa nyota mbili ilizaliwa hivi: watu walijiona kweli katika nyota ya jirani, na kwa kuwa gazeti halina nafasi ya kuwaambia kuhusu Utaridi na Zuhura, wakagawiwa Jua vipande viwili.

Hili nalo niliseme wazi, kwa sababu kuna watu hapa mjini hawanisemeshi kwa ajili yake. Mahali Jua lilipo saa fulani ni hesabu, sawa na hesabu ya kibla na ya nyakati za swala. Huyu na yule wakihesabu vizuri watapata jibu moja. Kwamba mahali hapo pamekutengenezea tabia ni jambo jingine. Mabingwa wa sayansi hawalikubali na masheikh wengi wanalikataza, nami sitakulazimisha. Dakika ya 56 ilipopita hapakuwa na kengele iliyogonga wodini ikawageuza watoto. Wewe umeuliza Jua lilikuwa wapi, na hilo ndilo ninalokujibu kwa uhakika. Pia akija mtu akakuambia nyota yako ni Asadi au Akrabu kwa kujumlisha herufi za jina lako na la mamako kisha kugawanya kwa kumi na mbili, usimgombeze wala usije kuniuliza nani mkweli. Ile ni hesabu ya majina, haikulitazama Jua kabisa.

Ukitaka kuhakiki kazi yangu mwenyewe, tafuta jedwali la falaki la mwaka 1997, lile linaloonyesha Jua kwa saa sita ya usiku ya Griniwichi. Kwa bahati, saa sita ya usiku ya Griniwichi ni saa tisa kamili ya usiku hapa Mombasa, kwa hiyo mstari wa tarehe 23 Septemba ni kama umeandikwa kwa ajili yako. Utakuta Jua Mizani, digrii 0, dakika 0, sekunde kama kumi. Ukitumia programu, andika saa 03:10, tarehe 23, na pale pa tofauti ya saa hakikisha pamesomeka UTC+3. Programu ikiacha UTC+0, itakupa Mizani digrii 0 dakika 7 au 8: jina lilelile, lakini kwa saa isiyo yako, na tālii yako, yaani nyota inayochomoza mashariki saa ya kuzaliwa, itakuwa imeharibika. Tālii yako ya kweli ni Simba, na hiyo haitikisiki kwa dakika hizi, kwani Simba alikuwa akichomoza tangu kama saa nane unusu hadi karibu saa kumi unusu. Wazee wako waliozaliwa zama za ukoloni usiwafanyie hesabu hii ya saa tatu moja kwa moja. Kulikuwa na miaka ambayo saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele ya Griniwichi kwa saa mbili na nusu, na mingine saa mbili na dakika 45.

Na lile tundu la dakika 14 huzibwa na kitabu kimoja tu, rejista ya wodi ya uzazi. Cheti chako hakitasaidia, kina tarehe bila saa. Nenda hospitalini na mamako, ukiwa na cheti na kitambulisho, uulize idara ya kumbukumbu kama rejista ya Septemba 1997 bado ipo. Ukiipata usitazame mstari wako peke yake. Tazama na wa juu yako na wa chini yako, maana watoto huandikwa kwa mfuatano: ikiwa aliyekutangulia ameandikwa 3.05 na uzito wake umejazwa, muuguzi alikuwa na kazi mikononi na saa yako ndiyo iliyochelewa kuandikwa. Ikiwa aliyekutangulia ni wa 1.40 na anayekufuata ni wa 5.15, muuguzi alikuwa na wewe tu usiku ule, na 3.10 ni 3.10. Nipigie picha kurasa hiyo, majina ya wengine uyafunike kwa karatasi. Ukikuta mstari wako wenyewe umeandikwa 2.50, na kadi ndiyo iliyonakiliwa vibaya, nitafuta Mizani niliyokuandikia leo, nikuandikie Mashuke, digrii 29 dakika 59.